Ofa ipi inabakiza faida: Punguzo, usafiri bure au kifurushi?

Seti moja ya mashuka, yaani shuka mbili na foronya nne, inaweza kutangazwa mtandaoni kwa namna tatu. Tangazo la kwanza linasema, "Punguzo la 20%, wiki hii tu." La pili linasema, "Tunakuletea bure mpaka mlangoni." La tatu linasema, "Chukua seti pamoja na taulo mbili kwa 62,000 badala ya 70,000." Picha ni ileile, mzigo ni uleule, na muuzaji ni yuleyule. Kinachobadilika ni maneno ya ofa, na maneno hayo ndiyo yanayoamua nani atabonyeza tangazo, nani atanunua na muuzaji atabaki na nini.

Wauzaji wengi wa mtandaoni huchagua ofa kwa kuangalia wenzao wanafanya nini, kisha huipima kwa idadi ya waliobonyeza au walioandika "bei gani?" chini ya picha. Kipimo hicho kinapotosha. Tangazo linaweza kubonyezwa mara mbili zaidi ya jingine na bado likaacha pesa kidogo mkononi. Makala haya yanaifuata seti hiyo ya mashuka tangu bei ya kununulia mpaka shilingi ya mwisho inayobaki, ili tuone kila ofa inakula wapi.

Ofa hailiwi kwenye bei, inaliwa kwenye faida

Tuseme muuzaji wetu yuko Dar es Salaam, ananunua mzigo kwa jumla Kariakoo na kuuza kupitia Instagram na WhatsApp. Seti inamfikia kwa shilingi 29,000. Mfuko wa kufungia na gharama ndogondogo ni shilingi 1,000. Kwa hiyo kila seti imekula mtaji wa 30,000. Anaiuza 45,000, na bodaboda ya kumpelekea mteja ndani ya jiji ni 5,000, ambayo kwa kawaida hulipwa na mteja mwenyewe. Namba hizi ni za mfano. Anayesoma aweke za kwake. Muhimu ni kwamba katika 45,000 anazopokea, 30,000 zinarudi kununua mzigo mwingine. Zilizo zake ni 15,000 tu. Hiyo ndiyo faida ghafi, kabla hajalipia tangazo.

Sasa aweke punguzo la asilimia 20. Bei inashuka mpaka 36,000, na mteja ameokoa 9,000. Hizo 9,000 zimetoka wapi? Muuzaji wa jumla hakupunguza chochote, na mfuko bado ni bei ileile. Zote zimetoka kwenye zile 15,000, na sasa zimebaki 6,000. Punguzo lililoandikwa asilimia 20 kwenye tangazo limekula asilimia 60 ya faida. Hapa ndipo mitaji mingi inapokatika bila mwenyewe kujua, kwa sababu asilimia inatangazwa juu ya bei lakini inalipwa kutoka kwenye faida.

Akiamua kumpelekea mteja bure, bei inabaki 45,000 na yeye anamlipa bodaboda 5,000. Faida inabaki 10,000. Ametoa theluthi moja ya faida yake.

Kwenye kifurushi, taulo mbili zinamgharimu 14,000, naye huziuza 25,000. Seti na taulo zikinunuliwa kila moja peke yake ni 70,000. Akiziweka pamoja kwa 62,000 amepunguza 8,000, karibu sawa na zile 9,000 za punguzo la kwanza. Lakini mtaji ulioingia ni 44,000, kwa hiyo faida inayobaki ni 18,000. Ametoa ofa, na bado kila oda inamwachia zaidi ya alichokuwa akipata kwa seti moja ya bei kamili.

Kutokana na hesabu hiyo unaweza kujua mapema kila ofa inadai wateja wangapi. Kama bila ofa yoyote anauza seti 10 kwa wiki, faida yake ni 150,000. Ili punguzo la asilimia 20 limrudishe hapohapo tu, lazima auze seti 25. Usafiri bure unadai seti 15. Kifurushi kinadai oda 9. Hiyo ni hesabu ya kugawanya, haihitaji utafiti wala bahati, na inafaa ifanywe kabla ya kulipia tangazo hata moja.

Kwa nini watu hubonyeza

Upande wa pili ni jicho la mteja. Mtu anayepitisha kidole kwenye simu hapigi hesabu. Anaona umbo la ofa. Alama ya asilimia yenye namba kubwa inaeleweka kwa kutupa jicho mara moja, ndiyo maana hubonyezwa kirahisi. Kifurushi kinamtaka asome: kuna nini ndani, kila kimoja ni bei gani, nitaokoa kiasi gani. Wengi watapita. Lakini atakayesimama kusoma huwa tayari ana haja na kitu chenyewe.

Kwamba watu hupima akiba kwa kuilinganisha na bei, badala ya kuangalia pesa yenyewe, ni jambo lililochunguzwa zamani. Mwaka 1981 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman waliwauliza watu kama wangeendesha gari dakika 20 kwenda duka jingine ili waokoe dola 5. Kikokotoo kilipokuwa cha dola 15, asilimia 68 walisema wangekwenda. Kikokotoo kilipokuwa cha dola 125, ni asilimia 29 tu waliokubali. Dola 5 zilikuwa zilezile na safari ilikuwa ileile, ila mbele ya bei kubwa zilionekana ndogo.

Utafiti wa mwaka 1998 wa Shih-Fen Chen, Kent Monroe na Yung-Chien Lou uliendeleza wazo hilo kwenye matangazo ya punguzo. Kwa bidhaa ya bei ya juu, punguzo lililotajwa kwa kiasi cha pesa lilionekana la maana zaidi kuliko lililotajwa kwa asilimia. Kwa bidhaa ya bei ya chini ilikuwa kinyume. Huko Marekani wauzaji wamelifanya jambo hili kuwa kanuni nyepesi: chini ya dola 100 taja asilimia, juu yake taja pesa.

Kanuni hiyo haihamishiki ilivyo kwenye shilingi zetu, kwa sababu hapa hata sabuni ya kufulia inavuka 100. Kinachohamia ni sababu yake. Mteja hujiuliza akiba ile inamfanyia nini. Shilingi 600 kwenye sabuni ya 3,000 hazimshtui mtu, lakini asilimia 20 inamvuta. Kwenye kitanda cha shilingi 800,000, "asilimia 20" ni maneno, ila "okoa 160,000" ni godoro dogo, na mtu anasimama. Seti yetu ya mashuka iko katikati, na kwa mzigo wa katikati inafaa kuandika vyote viwili: "Ilikuwa 45,000, sasa 36,000."

Kuandika bei yenyewe ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Tangazo linalosema "punguzo la 30%, bei njoo inboksi" hubonyezwa sana, kwa sababu kila mwenye shauku lazima abonyeze ili ajue. Muuzaji anafurahia idadi, kisha anashinda siku nzima akijibu watu ambao wakisikia bei wananyamaza. Wale hawakuwa wateja. Walikuwa wakitafuta habari ambayo tangazo lilipaswa kuwapa bure. Asilimia ya bei isiyojulikana haimwambii mnunuzi chochote.

Wiki moja ya matangazo, shilingi kwa shilingi

Tuyaweke matangazo manne kwenye mizani: moja lisilo na ofa, na matatu yenye ofa zetu. Kila moja limelipiwa 60,000 na limeonyeshwa mara 20,000. Idadi ya waliobonyeza na walionunua ni ya mfano, lakini inafuata mwelekeo ambao wenye kuuza mtandaoni wameuzoea: asilimia inavuta macho mengi, kifurushi kinavuta machache.

| Tangazo | Waliobonyeza | Walionunua | Faida kwa oda | Kilichobaki baada ya kulipa tangazo |
|---|---|---|---|---|
| Bila ofa | 160 | 8 | 15,000 | 60,000 |
| Punguzo la 20% | 400 | 20 | 6,000 | 60,000 |
| Usafiri bure | 300 | 18 | 10,000 | 120,000 |
| Kifurushi | 200 | 11 | 18,000 | 138,000 |

Tazama mistari miwili ya kwanza. Punguzo lilibonyezwa mara mbili na nusu zaidi na likaleta wateja mara mbili na nusu zaidi. Muuzaji alifunga mizigo 20 badala ya 8, alijibu simu na ujumbe wa watu 400, akaingiza mtaji wa 600,000 kwenye mzunguko, na mwisho wa wiki alibaki na 60,000 zilezile ambazo tangazo lisilo na ofa lilimpa. Kama angetazama kurasa za Instagram tu, angesema wiki ile ilikuwa ya baraka.

Kifurushi kilibonyezwa na nusu tu ya waliobonyeza punguzo, kikaleta wateja 11, na kikabakiza zaidi ya mara mbili. Sababu ni kwamba tangazo, muda wa kujibu na kazi ya kufunga mzigo hulipwa kwa kila mteja. Mteja anayeondoka na vitu viwili anazigawa gharama hizo kwenye faida mbili.

Hata hivyo, mibofyo mingi si bure kabisa ya maana. Kwenye Facebook na Instagram muuzaji kwa kawaida hulipia tangazo kuonyeshwa, na mnada wao hulipa nafasi nafuu zaidi tangazo ambalo mfumo unatarajia watu watalishughulikia. Tangazo linalovuta hivyo linaweza kupata macho mengi kwa pesa ileile. Faida hiyo ipo, lakini ni ya kupunguza gharama ya tangazo. Haiwezi kuzirudisha shilingi 9,000 zilizotoka kwenye kila seti.

Kipimo kinachounganisha pande zote mbili ni rahisi: chukua kilichobaki baada ya kulipa tangazo, gawa kwa kila mara 1,000 tangazo lilipoonyeshwa. Hapa bila ofa ni 3,000, punguzo 3,000, usafiri bure 6,000, kifurushi 6,900. Ofa mbili zikishindana kwa namba hiyo, mibofyo imeshahesabiwa ndani yake na faida pia.

Nguvu ya neno "bure", na mlango unaogoma kufunguliwa

Neno "bure" lina mvuto ambao punguzo la thamani ileile halina. Mwaka 2007 Kristina Shampanier, Nina Mazar na Dan Ariely walichapisha jaribio lao la chokoleti mbili, moja nzuri sana na nyingine ya kawaida. Nzuri ilipouzwa senti 15 na ya kawaida senti 1, asilimia 73 ya wanunuzi walichagua ile nzuri. Bei zote mbili ziliposhushwa kwa senti moja, nzuri ikawa senti 14 na ya kawaida ikawa bure. Tofauti ya bei haikubadilika, lakini sasa asilimia 69 walichukua ya bure.

Kwa mteja wa mtandaoni, nauli ya bodaboda inauma kuliko ukubwa wake. Bei ya mashuka anaiona imenunua mashuka. Nauli anaiona imepotea njiani. Tena mara nyingi anaambiwa mwishoni, baada ya kuwa ameshakubaliana na bei. Ndiyo maana katika mfano wetu usafiri bure ulibonyezwa na watu wachache kuliko punguzo, lakini sehemu kubwa zaidi ya waliobonyeza ilinunua: 18 kati ya 300, wakati punguzo lilipata 20 kati ya 400.

Hatari yake iko mlangoni. Wateja wengi hulipa mzigo ukifika, na asiyelipa chochote mapema hapotezi chochote akibadili mawazo. Bodaboda anafika, simu haipokelewi. Au mteja anatoka, anaigusa shuka, anasema rangi ya kwenye picha ilikuwa nyingine. Mzigo unarudi, na dereva anadai pesa ya kwenda na ya kurudi, shilingi 10,000. Wakifanya hivyo watatu tu kati ya wale 18, mauzo yanashuka mpaka 15, faida inakuwa 150,000, inatoka 30,000 ya safari za bure, inatoka 60,000 ya tangazo. Kinabaki 60,000. Milango mitatu imerudisha ofa nzuri mpaka pale ambapo hakuna ofa.

Dawa yake ni kuomba malipo kidogo ya kuthibitisha oda kwa njia ya simu, ambayo yanakatwa kwenye bei. Ofa inabaki "tunakuletea bure", lakini mteja ameshaweka neno lake. Dawa nyingine ni kutaja mipaka ndani ya tangazo lenyewe. Kutoka Kariakoo kwenda Ilala si sawa na kwenda Bunju au Chanika, na mzigo wa mkoani unaopakiwa kwenye basi una nauli yake. Anayeandika "bure" bila kutaja maeneo atalazimika kuvunja ahadi au kuvunja mtaji.

Njia bora zaidi ya kuutumia usafiri bure ni kuuwekea kiwango cha manunuzi. Amazon ilifanya hivyo mwaka 2002: ilianza kwa kuwapelekea bure wanunuzi wa oda za kuanzia dola 99, na ndani ya mwaka huohuo ikashusha kiwango hicho mpaka dola 25. Kiwango humsukuma mteja aongeze kitu kimoja. Kwa muuzaji wetu, "nunua kuanzia 60,000 tukuletee bure" kunamfanya mwenye seti ya 45,000 aangalie taulo za 25,000. Akizichukua kwa bei kamili, oda ni 70,000 na faida ni 26,000. Toa bodaboda, zinabaki 21,000. Hiyo ni zaidi ya kifurushi chenyewe. Kiwango kiwekwe juu kidogo ya oda ya kawaida. Kikiwa mbali sana mteja hakifikirii kabisa.

Kifurushi kinachouzika na kinachododa

Kifurushi hufaulu pale vitu vilivyomo vinapotumika pamoja na mnunuzi yuleyule. Anayenunua mashuka anapanga chumba, na taulo ziko kwenye mawazo yaleyale. Anayenunua sare za shule Januari anahitaji soksi na mkoba. Lakini muuzaji mwenye taulo zilizododa anapozifungia ndani ya kila seti ili aziondoe, mteja anaona. Anachukulia taulo kama kitu asichokitaka anacholazimishwa kukilipia, na bei ya 62,000 inasomeka kwake kama mashuka yaliyopanda bei.

Kwa hiyo mashuka yaendelee kuuzwa pia peke yake. Watafiti Timothy Derdenger na Vineet Kumar walichunguza soko la vifaa vya michezo ya video vya Nintendo, ambapo mashine na mchezo viliuzwa pamoja na pia kimoja kimoja. Katika utafiti wao wa mwaka 2013 walionyesha kuwa kampuni ilifaidika kwa kuacha njia zote mbili wazi, na kwamba kuuza kwa kifurushi pekee kungeangusha mapato. Wapo wanaotaka kitu kimoja tu, na ukiwafungia mlango hawachukui vyote viwili, wanaondoka.

Kuna uvujaji mmoja wa kuuangalia. Mteja ambaye angenunua seti na taulo kwa bei kamili angeacha faida ya 26,000. Kifurushi kimempa punguzo la 8,000 asilolihitaji. Kama kabla ya ofa wateja wako wengi tayari walikuwa wakichukua vyote viwili, kifurushi kinakupunguzia. Angalia daftari la mauzo la mwezi uliopita: kikiwa ni wachache waliochukua vyote pamoja, kifurushi kina kazi ya kufanya.

Kwa bidhaa za bei ndogo, kifurushi huwa karibu ndiyo njia pekee. Chukua mafuta ya kupaka ya 8,000 yanayomgharimu muuzaji 5,000. Faida ni 3,000. Akipeleka chupa moja bure kwa bodaboda ya 5,000 anapoteza 2,000 kwa kila mteja, na kadiri tangazo linavyobonyezwa ndivyo anavyopoteza zaidi. Chupa tatu kwa 24,000 pamoja na usafiri bure zinamwachia 4,000. Hajashusha bei hata shilingi moja, na bado mteja ameona neno "bure".

Punguzo lina siku yake

Si haki kulitupa punguzo la asilimia. Linafaa pale faida ya kila kimoja ni kubwa, kama nguo anazoshona fundi mwenyewe au kozi ya mtandaoni ambayo kumwongeza mwanafunzi mmoja hakugharimu karibu chochote. Linafaa pia kwa mzigo ambao kesho hautauzika: vitenge vya toleo lililopita, vifaa vya sikukuu iliyopita, krimu inayokaribia tarehe ya mwisho. Hapo swali ni kurudisha mtaji, na 36,000 leo ni bora kuliko 45,000 isiyokuja.

Hatari ni kulifanya la kila mwisho wa mwezi. Mteja aliyezoea kuona seti kwa 36,000 huiweka hiyo kichwani kuwa ndiyo bei, na 45,000 inamwonekea kama anaongezewa. Atasubiri. Utalijua jambo hili kwenye daftari: mauzo ya wiki zisizo na ofa yanapungua kila baada ya ofa, na ujumbe unaoingia zaidi ni "ofa inarudi lini?" Usafiri bure na kifurushi vina nafuu hapa, kwa sababu bei ya seti yenyewe haijaguswa.

Na wapo wanaopandisha kwanza bei mpaka 56,250, kisha wanaikata na kuandika "punguzo la 20%" juu ya 45,000 ileile. Huo ni uongo kwa mnunuzi. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kuwapotosha wateja, na bei ni miongoni mwa mambo inayoyalinda. Bei ya awali inayoandikwa kwenye tangazo iwe ni bei ambayo watu kweli walilipa.

Kupima bila kujidanganya

Anayetaka kujua ofa ipi inamfaa abadilishe ofa peke yake. Picha iwe ileile, walengwa walewale, pesa ileile na siku zilezile. Ukitangaza punguzo wiki ya mishahara na kifurushi katikati ya mwezi, umepima mishahara. Kwenye Ads Manager kuna kipengele cha A/B test kinachowagawa watu ili kila mmoja aone tangazo moja tu.

Hapohapo kuna namba mbili zinazochanganywa sana. Iliyoandikwa CTR (all) huhesabu hata waliopenda picha, waliotoa maoni na waliofungua ukurasa wako kutazama. Iliyoandikwa CTR (link click-through rate) ndiyo inayohesabu waliobonyeza kiungo cha tangazo. Tangazo lenye picha ya kuvutia linaweza kung'ara kwenye ya kwanza na kuwa hoi kwenye ya pili.

Kwa wanaouza kupitia WhatsApp, wekea kila tangazo ujumbe wake wa kuanzia, kwa mfano, "Habari, nimeona ofa ya mashuka na taulo." Hivyo kila oda inakuja na jina la tangazo lililoileta. Andika oda hiyo daftarini, na pembeni yake kama mzigo ulipokelewa au ulirudi.

Kisha uwe na subira na namba ndogo. Katika mfano wetu kifurushi kilishinda usafiri bure kwa shilingi 18,000, yaani oda moja tu ya kifurushi. Jambo lililotokea mara 18 lingeweza kwa bahati tu kutokea mara 14 au 22. Kwa hiyo wiki ile haijathibitisha kuwa kifurushi ni bora kuliko usafiri bure. Ilichotoa ni dalili nzuri kwamba vyote viwili viliacha pesa zaidi ya punguzo, na wiki ya pili na ya tatu ndizo zitakazosema zaidi.

Kabla ya kulipia tangazo lako lijalo, chukua karatasi uandike mambo matatu: faida ghafi ya kitu kimoja, faida itakayobaki baada ya ofa, na idadi ya wateja ambayo ofa hiyo inakudai ili tu usiwe chini ya ulipoanzia. Kama idadi hiyo hujawahi kuifikia hata katika wiki yako bora, usiitoe ofa hiyo, hata kama jirani yako anaitangaza kila siku.